Tunauza kwa kilo, tunanunua kwa macho

Hakuna mchimbaji wa Rubaya, wa Numbi ao wa Walikale anayekubali mzigo wake ununuliwe kwa macho. Anataka kuona mizani. Anaangalia namba, anauliza asilimia ya tantale kama ni koltani, na gramu 100 zikipotea, makelele inaanza hapo hapo. Lakini makuta ile ile ikifika Goma, mikononi mwa mama wa nyumba, inaenda kununua viazi kwa fungu, maharagi kwa murongo, unga kwa kopo, na siku kukiwa na makuta mingi, mufuko muzima. Hapo hakuna mizani, hakuna namba, hakuna makelele. Tunauza kwa kilo, tunanunua kwa macho. Jasho lililopimwa kwa gramu kule kwenye shimo, huku sokoni tunaliacha lipimwe na kila mtu kwa chombo chake.

Gazeti hili halisemi kwamba bamama wa Virunga, wa Kituku ao wa Alanine ni wezi. Mama anayepanga mafungu asubuhi, naye alinunua mufuko bila kuupima. Aliambiwa ni kilo 100, akalipa, akalipa tena chukudu, kiisha akagawa ile mufuko katika mafungu mpaka makuta yake irudi na kidogo ya kulisha watoto wake. Kama mufuko ulikuwa na kilo 88, fungu lake litakuwa ndogo, na yeye mwenyewe hatajua juu ya nini. Kwa hiyo hasara inaanza mbali, inashuka ngazi kwa ngazi, na mtu wa mwisho njo anaibeba yote. Mtu wa mwisho ni ile nyumba inayonunua chakula ya leo kwa makuta ya leo.

Shida ya kweli ni kwamba fungu, kopo, ndoo na mufuko haviongei luga moja. Ukiuliza bei, mmoja anakujibu "elfu moja", mwingine anasema "elfu kumi na tano", wa tatu anasema "dola 38". Hizo si bei za kulinganisha, juu kila moja inasimama pembeni ya kipimo chake. Kuna luga moja tu inayowaweka wote kwenye mstari mmoja: franka ngapi kwa kilo moja. Hesabu yake ni rahisi. Chukua makuta yote uliyolipa, gawanya kwa kilo ulizopata. Kama mizani inaonyesha gramu tu, gawanya kwa gramu, kiisha uzidishe kwa 1 000. Simu yoyote ya mfukoni, hata ile ndogo ya vidude, iko na kikokotoo cha kufanya hiyo.

Tunahitaji mizani, ni kweli, lakini nyumba nyingi za wachimbaji ziko nayo tayari: ile mizani ndogo ya kuning'iniza, yenye kulabu, ambayo baba anatembea nayo. Siku amerudi nyumbani, hiyo mizani isilale kwenye mufuko wake. Kwanza tuijaribu. Chukua chupa ya maji ya litre moja na nusu, ijae, ining'inize. Litre moja ya maji iko na kilo moja, basi chupa hiyo lazima ionyeshe kilo moja na nusu na gramu chache za plastiki juu yake. Funga chupa mbili pamoja, mizani ionyeshe mara mbili. Ikionyesha hivyo, mizani ni nzima. Ikionyesha kilo mbili kwa chupa moja, hiyo mizani iko na ugonjwa, na pengine hata mzigo wa baba ulipimwa vibaya nayo. Jambo la pili: pima chombo kitupu mbele, ndoo ao kapo, uandike uzito wake, kiisha uutoe. Hatununui ndoo, tunanunua viazi.

Sasa tukamate mfano wa viazi, vile vinavyoshuka kutoka Kibumba, Rutshuru na Masisi. Bei zinabadilika kila wiki, kwa hiyo namba tunazoandika hapa ni za kufundisha njia, si za kumwonyesha muuzaji ili apunguze. Tuseme mama wa nyumba iko Ndosho, ameona viazi vya aina moja katika sura tatu.

Sura ya kwanza ni fungu la franka 1 000. Analinunua, analipima nyumbani: gramu 800. Ukigawanya 1 000 kwa 800, kiisha ukazidisha kwa 1 000, unapata franka 1 250 kwa kilo.

Sura ya pili ni ndoo ya litre 20, bei franka 15 000. Mizani inaonyesha kilo 14 na gramu 700, ndoo tupu iko na gramu 700, basi viazi ni kilo 14. Ukigawanya 15 000 kwa 14 unapata karibu franka 1 070 kwa kilo. Lakini anapoimwaga chini anakuta viazi vilivyooza na vile vilivyokatwa na jembe, jumla nusu kilo ya kutupa. Viazi vya kula ni kilo 13 na nusu. Ukigawanya tena, kila kilo ya kula imemlipisha karibu franka 1 110.

Sura ya tatu ni mufuko "wa kilo 100" kwa dola 38. Hapa kuna mtego wa kwanza, dola na franka. Usilinganishe kabla ya kuweka yote katika makuta moja, kwa taux ya siku ile ile. Tuseme dola moja ni franka 2 500: dola 38 ni franka 95 000. Mtu akisikia kilo 100 kwa 95 000, anasema kilo moja ni franka 950, hii njo rahisi kuliko zote. Anaita chukudu, analipa 5 000 ya kubeba. Akifika nyumbani anapima mufuko kwa sehemu, ndoo kwa ndoo, juu mizani ndogo haiwezi kubeba mufuko muzima. Anapata kilo 88. Anatoa vilivyooza katikati ya mufuko, kilo 6. Amebaki na kilo 82 za kula, na amelipa jumla 100 000. Ukigawanya unapata karibu franka 1 220 kwa kilo.

Angalia sasa. Yule aliyekuja na makuta mingi kuliko wote, aliyenunua kwa jumla ili apate bei ya chini, amelipa karibu sawa na yule wa fungu. Ndoo njo ilikuwa na bei nzuri. Kesho inaweza kugeuka: kama mufuko ungekuwa kilo 100 za kweli na kilo 6 tu za kutupa, ingekuwa franka 1 060 na kidogo kwa kilo, na mufuko ungeshinda. Hakuna sheria inayosema kwamba chombo kikubwa ni bei ndogo. Mufuko ni bei nzuri pale tu kilo zimo ndani. Na macho hayawezi kuziona, juu mufuko mmoja umeshonwa na kofia ya nyasi juu, mwingine umefungwa mapema, na viazi vikubwa vimewekwa pale mdomo unapofunguliwa.

Tofauti ya franka mia moja na kidogo inaweza kuonekana kitu bure. Basi tuihesabu kwa mwezi. Nyumba inayokula kilo tatu za viazi kwa siku inakula kilo 90 kwa mwezi. Kwa fungu, ni 112 500. Kwa ndoo, ni karibu 100 000. Hiyo 12 500 inayobaki ni makuta ya sabuni na mafuta, ao inaongezewa kwenye makuta ya masomo.

Lakini faida kubwa ya kilo si kuchagua kati ya fungu na ndoo. Ni kuona kile ambacho bei haisemi. Wiki ijayo mama anarudi sokoni, fungu lingali franka 1 000. Anauliza kama desturi: "Mama, viazi havijapanda?" Anajibiwa: "Hapana, mama yangu, ni paka ile bei ya siku zote." Na ni kweli, bei haikupanda. Fungu njo lilipunguka. Kiazi kimoja kimetoka chini, kingine kikubwa kimebadilishwa na kidogo, na sasa fungu liko na gramu 650. Kilo moja imekuwa karibu franka 1 540. Kwa kilo 90 ni karibu 138 500, maana yake franka 26 000 zaidi kwa mwezi, na hakuna mtu aliyetangaza kwamba bei imepanda. Barabara ikifungwa ao mvua ikiharibu njia, muuzaji anaogopa kupandisha namba, juu wateja watakimbia. Anapunguza fungu. Mama wa nyumba anasikia tu kwamba siku hizi makuta haitoshi, na baba akipiga simu kutoka kwenye machimbo wanaanza kugombana: "Makuta niliyotuma imeenda wapi?" Makuta haikuibwa na mtu wa nyumbani. Imeingia katika gramu 150 ambazo hakuna aliyezipima.

Kwa maharagi mtego uko na sura nyingine. Murongo haujaribiwi kwa wingi wa bakuli tu, unajaribiwa kwa mlima ulio juu yake. Tuseme murongo wa franka 3 000. Ukijazwa mpaka mlima usimame na mbegu zianze kuanguka, mizani inaonyesha kilo moja na gramu 550: kilo moja ni karibu franka 1 935. Mkono wa muuzaji ukipita juu na kukata mlima, inabaki kilo moja na gramu 250: kilo moja imekuwa franka 2 400. Bakuli ni ile ile, bei ni ile ile, mkono njo umebadilisha. Kopo ya maziwa pembeni, inayojaa gramu 750 kwa franka 1 500, inatoa franka 2 000 kwa kilo. Kwa hiyo kopo inashindwa na murongo wenye mlima, lakini inashinda murongo uliokatwa. Anayesema "mimi nanunua murongo sikuzote, ni muzuri kuliko kopo" bado hajasema kitu mpaka aseme murongo ulijazwa namna gani.

Iko sababu ya wazi. Chombo chenye mdomo mpana kinabeba mlima mkubwa, juu mlima unapanda kufuatana na upana wa mdomo. Kopo nyembamba inabeba mlima mdogo sana, hata muuzaji akiongeza kwa roho nzuri. Kwa hiyo kwenye bakuli pana, kazi yote ya macho iwe juu, kwenye mlima. Kwenye kopo, kazi ya macho iwe chini. Geuza kopo kabla haijajazwa, uangalie kama matako yake yamepigwa yakaingia ndani, na kama mdomo haukukatwa. Kopo mbili za jina moja zinaweza kutofautiana kwa mkono mmoja wa maharagi. Njia ya kujua bila kugombana ni maji: jaza kopo yako ya nyumbani kwa maji, uone inachukua chupa kiasi gani. Uliyonunua sokoni ukiimwaga ndani yake na isijae, umejua. Ila maji yanakuambia ukubwa wa kopo tu, hayakuambii kilo. Kopo ya maharagi na kopo ya unga wa muhogo hazina uzito mmoja: unga ni mwepesi kuliko maharagi, na unga uliopepetwa sasa hivi ni mwepesi kuliko ule uliotikiswa ukashuka. Kila kitu kipimwe kwa jina lake.

Na kilo yenyewe iko na mipaka, tuseme ukweli. Maharagi mapya, yasiyokauka vizuri, yana uzito mkubwa, lakini sehemu ya uzito ule ni maji. Uma mbegu moja: ikivunjika kwa sauti, imekauka, ikikubali jino liingie, unalipa maji. Viazi vyenye udongo vinapimwa na udongo wake. Kwa hiyo linganisha kilo na kilo ya kitu kimoja, chenye hali moja. Halafu kuna jambo ambalo hesabu haiwezi kumaliza. Mtu aliye na franka 3 750 tu mkononi hawezi kununua ndoo, hata ukimwonyesha hesabu mara kumi. Huyo hatumwambii kwamba hajui kununua. Tunamwambia kwamba ndoo moja ya kilo 14 inaweza kununuliwa na nyumba nne za parcelle moja, kila moja inatoa 3 750 na kubeba kilo tatu na nusu. Ila mgawanyo ufanywe kwa mizani, si kwa mafungu, vinginevyo tumerudisha shida ya soko ndani ya uwanja wetu.

Mahali ambapo jambo hili linauma kuliko Goma ni kwenye machimbo. Huko, mara nyingi mchimbaji anapewa chakula kwa deni na yule anayesimamia shimo ao anayelisha timu, na deni linakatwa siku mzigo unapouzwa. Unga unaandikwa kwa kopo, maharagi yanaandikwa kwa kopo, na malipo yanatoka kwa kilo ya koltani ao ya kasiterite. Yaani anayedai anapima kwa chombo kisichojulikana, anayelipa anapima kwa mizani. Mchimbaji anayeona kwenye daftari "kopo 20 za maharagi" lazima aulize: kopo hiyo iko na gramu ngapi? Kama ni gramu 750, ni kilo 15. Kama imepigwa matako na inabeba gramu 600, ni kilo 12, na kilo tatu amelipa bila kula. Mizani inayopima mzigo iko hapo hapo. Ipime kopo moja mbele ya watu wote siku ya kwanza, uzito uandikwe juu ya daftari, na ugomvi wa siku ya malipo utapunguka.

Si kitu cha ajabu tunachoomba. Vuka bariere ndogo uingie Gisenyi: kule viazi vinaulizwa kwa kilo, na mama wa Goma anayevuka kununua anajua kuuliza hivyo bila shida. Akirudi huku anasahau, juu hakuna wa kumjibu. Kenya ilienda mbali zaidi: kanuni ya viazi ya mwaka 2019 inasema mufuko usipite kilo 50, ili kumaliza ile mifuko iliyoongezewa shingo ambayo Tanzania wanaiita lumbesa. Lakini hata kule, mifuko mikubwa haikwisha siku moja, juu karatasi haipimi kitu kama hakuna mizani sokoni.

Kwa hiyo hatuombi bamama wakatazwe mafungu na mirongo. Fungu ni la lazima kwa mwenye makuta kidogo, na muuzaji hana uwezo wa kununua mizani kwa kila meza. Tunaomba kitu kimoja kwa komite za masoko, zinazokusanya taxe kila siku: mizani moja kubwa penye mifuko inashukishwa, na mizani moja ndogo penye watu wanatokea, zote mbili zikijaribiwa kwa chupa za maji mbele ya wauzaji na wanunuzi. Ile kubwa itamlinda mama muuzaji, asilipe kilo 100 akabeba 88. Ile ndogo itamlinda mama wa nyumba. Anayetaka kupima apime, asiyetaka aende zake. Na bei ya mufuko isemwe pamoja na kilo zake.

Mpaka siku hiyo ifike, daftari la nyumba linatosha kuanza. Mistari minne kwa wiki: kitu, makuta, kilo, na franka kwa kilo. Baada ya mwezi mmoja, baba akipiga simu kuuliza makuta imeenda wapi, mama hatahitaji kuapa. Atamsomea.